Bega la Chupa ya Kulia

Tik.

Kimya kidogo. Halafu tik tena, kutoka jikoni, kwenye giza la alfajiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Sikuhitaji taa kujua. Hicho ni kifuniko cha chupa ya chai, cha kubonyeza, na kidole kinachokibonyeza kina miaka mitano.

"Kijino, acha chupa."

"Sijamwaga," alijibu binti yangu gizani. Lile pengo la jino la mbele lilimfanya apulize kila neno kama anapoza uji.

"Sijakuuliza kama umemwaga. Nimekwambia uache."

Tik ya mwisho, ya kuniaga. Nikasikia miguu yake mitupu ikija, akajitupa kitandani na kunichomekea nyayo za baridi tumboni. Nilimkumbatia, lakini akili yangu ilibaki jikoni, kwenye ile chupa. Kila ninapoisikia ikilia namkumbuka mtu mmoja, na simkumbuki kwa wema.

Chupa ile niliiunganisha kwa mikono yangu. Nilifanya kazi miaka sita katika kiwanda kidogo cha vyombo vya nyumbani, meza ya mwisho, pale chupa zinapofungwa vifuniko. Tajiri wetu tulimwita Kamili, maana hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Mzigo umefika, kamili. Umechelewa, nakukata, kamili. Chupa za mwanzo zilikuwa na kitako chembamba, ukizigusa zinalala. Mimi ndiye niliyemwambia apanue kitako na kukizungushia mpira. Alinitazama kama vile meza imeongea. Baada ya miezi miwili chupa zikatoka na kitako kipana na mpira, naye akawa anawaeleza wageni jinsi wazo lilivyomjia akiwa bafuni.

Hilo ningelimeza. Lakini mimba ya Kijino ilipofika mwezi wa saba, alisimama katikati ya kiwanda, mashine zimezimwa kwa ajili ya chakula, watu wote wanasikia. Akasema, "Wewe mama, nenda ukapumzike moja kwa moja. Kwani ulikuwa unafanya nini hapa? Unafunga vifuniko tu. Hata mtoto anafunga. Kamili." Wenzangu waliangalia sahani zao. Nikatoka na mkoba wangu na chupa moja yenye mkwaruzo niliyokuwa nimeuziwa kwa bei ya wafanyakazi.

Ni hiyo inayolia tik jikoni kwangu.

Asubuhi hiyo, nimeshamfikisha Kijino shuleni, wifi yangu aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Wifi anafanya kazi katika ofisi ndogo ya matangazo. Tangu nimalize masomo ya jioni ya usanifu wa picha huniletea kazi moja moja, na ameshikilia kuwa siku moja meza ya tatu pale ofisini itakuwa yangu. Siku hiyo alibeba mfuko mkubwa, akauweka mezani taratibu mno. Wifi yangu haweki kitu taratibu.

"Wifi, kaa kwanza," alisema.

"Nimekaa."

"Kaa zaidi. Kazi ninayo, mwenye kazi ukimjua utaitapika."

Akatoa chupa mbili za chai. Ya kwanza ilikuwa chupa yangu, ileile, mpya. Ya pili ilikuwa dada yake mdogo aliyekondeana: nyekundu inayong'aa, kifuniko kirefu, kitako kimebanwa, mpira hakuna. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Ni Kamili," nilisema.

"Ni Kamili. Ameleta kazi ofisini, hajui ni wewe utakayeishika. Ukikataa nitaelewa."

Alinieleza. Kuna maduka makubwa ambayo yameuza toleo la kwanza la chupa miaka minne. Sasa Kamili anataka yapokee toleo la pili badala yake, bei ileile, ujazo uleule, lita mbili. Mnunuzi mkuu wa maduka hayo, mama mmoja asiyecheka hovyo, amesema hapokei kitu mpaka apate picha moja yenye matoleo yote mawili bega kwa bega, pembe moja, mwanga mmoja, ili aipeleke kwenye matawi yake yote. Kamili ametuma picha mara mbili, zimerudishwa mara mbili.

"Hazikupigwa pembe moja?"

"Jionee."

Alinionyesha kwenye simu. Ya zamani ilipigwa kutoka juu, kwenye kivuli, ikaonekana kibonge kilichonuna. Mpya ilipigwa kutoka chini, taa inaimulika, ikasimama kama mnara.

"Na mpiga picha?"

"Hataki. Sampuli ya pili iko moja tu, rangi nyekundu, na anataka picha za rangi sita. Amesema siku hizi mashine inachora yenyewe, ya nini kumlisha mpiga picha. Sikiliza alivyonitumia." Wifi alibonyeza simu na ile sauti ikajaa chumbani kwangu, miaka mitano baadaye, haijapungua hata gramu. *Huyo mama anataka pembe moja, mpe pembe moja. Lakini ya zamani itie giza giza, ionekane ya bibi. Mpya iwake. Kamili.*

Nilikuwa naiangalia ile chupa nyekundu, kitako chake. Kitako changu alikikata.

"Niachie zote mbili," nilisema.

Wifi alinikodolea. "Wifi, hayo macho siyapendi. Hayo ni macho ya mtu anayenoa kisu."

"Nanoa rula. Nenda kazini, utachelewa."

Alipoondoka nilipima. Kwa jumla chupa zote mbili zilikuwa na sentimita thelathini na mbili. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja. Kiwiliwili cha chupa yangu, kutoka mezani hadi begani, pale kinapoanza kifuniko, kilikuwa sentimita ishirini na sita. Cha ile nyekundu ishirini na mbili na nusu. Kilichopungua mwilini kilirudishwa kwenye kifuniko, na kifuniko hakibebi chai. Kitako kilitoka kumi na nne kikawa kumi na moja na nusu. Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na afya. Pembe moja na mwanga mmoja, basi. Nisingehitaji kumwongezea wala kumpunguzia. Bega la chupa ya kulia lingeshuka lenyewe mbele ya macho ya yule mama.

Nilipiga picha za kuiongoza programu, ile inayochora picha yenyewe kwa kuandikiwa maelekezo. Nilibandika vipande viwili vya utepe wa gundi kwenye kizingiti cha dirisha, kimoja cha kushikilia mahali pa chupa, kingine mahali pa rundo la vitabu nililosimamishia simu. Nikaweka chupa ya kwanza, nikapiga. Nikaitoa, nikaweka ya pili palepale, nikapiga kabla jua halijasogea. Kisha, umeme ukiwa umesharudi, nikafungua laptopu na kuandika maelekezo.

Kosa la kwanza nililifanya kwa mazoea. Niliandika "toleo la zamani kushoto, toleo jipya kulia". Programu ikanichorea kushoto chupa yenye vumbi, imebonyea, mwanga wa manjano wa jioni, na kulia chupa inayong'aa kwenye mwanga mweupe. Kamili angeibusu. Neno "zamani" tu lilikuwa limeleta kutu, uzee na jua la kuzama. Nikalifuta. Kuanzia hapo ikawa chupa ya kushoto na chupa ya kulia, basi.

Nikaanza upya, na safari hii nikaanza na yale yanayozihusu zote mbili kabla ya kutaja chupa yoyote. Picha moja ya mlalo, sehemu mbili zenye upana uleule. Ukuta mmoja wa kijivu hafifu nyuma, meza moja inayopita chini ya zote. Kamera mbele kabisa, kimo cha katikati ya chupa, bila kuinama. Mwanga mmoja laini kutoka juu kushoto kwa chupa zote, vivuli vyote vikilalia kulia, urefu mmoja. Vitako vikae kwenye mstari mmoja. Pasiwe na maandishi yoyote, kwa sababu programu hizi zikiandika herufi huzibananga. Majina ningeyaweka mwenyewe mwishoni. Kisha nikaambatanisha picha zangu mbili na kusema kila moja inafanana na ipi, na zinatofautiana wapi.

Ikaja picha safi sana. Mwanga mmoja, pembe moja, vivuli vinatembea pamoja kama wanafunzi mstarini. Niliweka rula kwenye kioo cha laptopu. Mabega yalikuwa sawa. Vitako vilikuwa sawa. Nilikuwa nimesema "moja" na "sawa" mara nyingi mno, na programu ikauchukua usawa wa mwanga na kuupaka hadi kwenye maumbo. Imezifanya mapacha. Kamili asingeweza kujiombea picha nzuri kuliko hiyo: ni chupa ileile, imebadilishwa nguo tu.

Nilirudia mara nne. Kila mara bega la kulia lilipanda kulifuata la kushoto, na kila mara nilisikia ile sauti, unafunga vifuniko tu. Mara ya tano kidole kikaniponyoka, au niseme kweli, sikukizuia. Niliandika: chupa ya kulia iwe nyembamba sana, bega liwe chini kabisa, iinamie kidogo upande, mwanga wa upande wake upauke.

Programu ikatii bila ubishi. Ilinipa chupa ya kulia yenye sura ya mgonjwa, imebanwa kiunoni, imeegemea kama mlevi anayetafuta ukuta. Wallahi, ilikuwa nzuri. Nilinyanyuka nikazunguka chumba. Nilimwona Kamili akiiona mbele ya watu, mashine zimezimwa, wote wanaangalia sahani zao. Nikaihifadhi faili na kuipa jina "tamu".

Kijino alirudi kutoka shule na kunikuta bado naitazama. Nilimmiminia maziwa, akapanda pajani kwangu, nywele zake zikinuka chaki na jua.

"Unacheka nini, mama?"

"Chupa."

Aliiangalia. "Imelewa?"

"Imelewa," nilisema, na nikaendelea kucheka. Halafu kicheko kikaisha taratibu, maana nilikumbuka kitu kuhusu Kamili ambacho mtu asiyefanya kazi kwake hawezi kukijua. Mteja akilalamika, Kamili habishani. Huita bidhaa iletwe. Huiweka mezani mbele ya mlalamikaji, hukunja mikono na kusema, "Angalia mwenyewe." Nimeona wateja wangapi wakinywea hivyo. Hii "tamu" yangu ingeonyeshwa kwa mnunuzi, yeye angeita chupa yenyewe iletwe, ingesimama wima bila ulevi, na mwongo angekuwa mimi. Angenifukuza kwa mara ya pili, tena kwa haki.

Hapana. Huyu nilitaka asiwe na pa kushika. Kama kisasi changu kina uzito, kipimwe hadi milimita.

Nikamteremsha Kijino na kuifuta "tamu". Iliniuma kuifuta, nisidanganye.

Safari hii sikuomba chupa mbili kwa mpigo. Niliomba moja: ya kushoto peke yake, kwenye nusu yake, meza, ukuta na kivuli. Ilipokuja na vipimo vinavyokubali rula, niliirudisha kwenye programu nikasema: acha kila kitu kama kilivyo, kamera, mwanga, meza, kivuli, badilisha chupa tu, weka hii ya picha ya pili. Hapo haikuwa na pacha wa kumwiga. Bega likashuka. Halikushuka kwa usahihi kamili, programu haijui kupima, lakini hiyo kazi naijua mimi. Nilizihamisha picha zote mbili kwenye programu ya kupangilia kurasa, nikavuta mstari mmoja chini ya vitako, mwingine juu ya vifuniko, kisha nikarekebisha kiwiliwili cha kulia mpaka kikakubaliana na chupa iliyokuwa dirishani kwa kila kipimo nilichokuwa nimeandika. Nikaongeza majina mawili kwa herufi za kawaida, saizi moja: Toleo la Kwanza, Toleo la Pili. Hakuna mshale, hakuna duara jekundu. Nilitamani mshale kama mjamzito anavyotamani udongo, lakini nikaukataa.

Nikabadilisha rangi kwa zile nyingine tano, nikampelekea wifi, na chupa zenyewe zikarudishwa kwa Kamili.

Alipiga simu. "Wifi, mbona nzuri hivi? Nilidhani utamchinja."

"Angalia mabega."

"Ngoja niikuze." Halafu, "Oo. Oo, wifi. Ataikubali kweli?"

"Mpelekee uone."

Kamili aliikubali kwa sekunde kumi. Aliitazama kwenye simu, akaona nyekundu inang'aa, akaona vichwa vya chupa viko usawa mmoja, akajibu neno lake moja. Wifi, mtu wa haki huyu, alimwandikia tena: tafadhali ikague vizuri kabla haijaenda. Akajibu: *Nimesema kamili.*

Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa mnunuzi. Alitaka kumwona aliyetengeneza picha. Shule ilifungwa mchana, hivyo Kijino nilikuwa naye, amevaa sare, mkononi ana kifuniko cha chupa yetu ya nyumbani alichokuja nacho bila ruhusa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, glasi zimefunikwa, na ukutani skrini yenye picha yangu. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuiona. Bega la kulia lilikuwa limeshuka kama la mtu aliyepewa habari mbaya.

Kamili alikuwa ameshakaa. Alitusalimia wote kwa pamoja, macho yakanipita, yakarudi, yakasimama.

"Mimi nakufahamu wewe."

"Shikamoo," nilisema. Adabu ni adabu.

"Marahaba." Alikunja uso, kisha akakumbuka, na akatabasamu kwa kila mtu mezani. "Huyu alikuwa kwangu. Alikuwa anafunga vifuniko."

"Ndiyo, mzee. Miaka sita."

Wifi alinikanyaga mguu chini ya meza.

Mama mnunuzi alivua miwani, akaelekeza kalamu kwenye skrini. "Mzee wangu, nina swali dogo tu. Hizi zote ni lita mbili?"

"Lita mbili, kamili."

"Mbona mwili wa hii unaishia hapa, na wa hii unaishia pale?"

Kamili aligeuka kuitazama skrini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona. Niliona shingo yake ikibadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu, na nilifuatilia safari hiyo kwa raha yote.

"Hiyo picha ni ya mashine," alisema. "Mashine inaongopa. Na huyu," alininyooshea kidole, "huyu ana kinyongo na mimi. Nilimwachisha kazi. Ameipunguza makusudi."

Chumba kizima kikanigeukia. Nilihisi kiganja cha Kijino kikiingia ndani ya changu.

"Ni kweli una kinyongo naye?" mama mnunuzi aliniuliza.

"Ninacho, Madamu," nilisema. "Ndiyo maana nilipima mara tatu."

Akaniangalia kwa muda. Sikuyakwepesha macho yangu. Kamili naye alikuwa ameshapata nguvu, maana alijua la kufanya, lile analolifanya siku zote. Alipiga meza kwa kiganja. "Hatubishani. Chupa ninazo kwenye gari. Zije hapa, mwangalie wenyewe."

Zikaja. Aliziweka mwenyewe mezani, chini ya skrini, kushoto na kulia, akakunja mikono. Mama mnunuzi alirudi nyuma hatua nne, akainama hadi macho yake yakawa usawa wa katikati ya chupa, kama kamera yangu. Aliangalia juu, akaangalia chini. Akachukua rula kwenye kikombe cha kalamu, akapima bega la kushoto, la kulia, kitako, kitako. Kama "tamu" ingekuwa kwenye ile skrini, hapo ndipo ningezikwa.

"Picha haijaongopa," alisema.

"Umbo, umbo tu hilo," Kamili alisema haraka. "Ndani tumepanua. Ukuta wa ndani ni mwembamba siku hizi. Lita mbili ni lita mbili."

"Sawa. Basi tumimine."

Alifungua chupa ya kwanza, akaijaza maji kutoka kwenye jagi, taratibu, hadi mdomoni. Halafu akafungua ya pili, akainyanyua ile ya kwanza kwa mikono miwili na kuanza kuimimina ndani yake. Ilisikika sauti ya maji tu, nene mwanzoni, ikikonda kadiri yanavyopanda. Kamili alikuwa amekunjua mikono. Kijino aliniachia kiganja, akasogea mpaka kidevu chake kikagusa ukingo wa meza, akasimama kwa vidole vya miguu. Maji yalipanda shingoni, yakavimba mdomoni mwa chupa nyekundu, yakatetemeka. Mama mnunuzi akaacha kumimina. Akaitikisa kidogo ile ya kwanza, na ndani yake kitu kikacheza, kizito.

"Hii imejaa," binti yangu alisema, "na ile bado ina maji."